Tonge kubwa, kitoweo kidogo

Oktoba ile nilirudi Newala kumsaidia mama kuokota korosho, na kufikia wiki ya pili nilikuwa namaliza muda mwingi chooni kuliko chini ya mikorosho. Naandika haya bila haya kwa sababu najua si mimi peke yangu. Unachuchumaa, unajikaza mpaka jasho linakutoka usoni, halafu unachopata ni punje nne tano kavu kama mavi ya mbuzi. Unatoka pale tumbo bado zito, na kesho hupati hata hizo punje.

Siku ya kumi na mbili nikaona damu, nyekundu mbichi, na maumivu kama ya kukatwa na wembe. Mjomba, ambaye ugonjwa haumpiti bila kuupa jina, akasema ni bawasiri. Shangazi yeye aliulaumu muhogo moja kwa moja. "Si ndio huo tunaokorogea gundi ya kubandikia vishada?" akaniuliza. "Sasa wewe unaumeza asubuhi, mchana na usiku. Unategemea nini? Umegandamana humo ndani."

Nilimwamini kidogo, maana hoja yake ilikuwa na mantiki. Uji wa unga wa muhogo kweli unagundisha karatasi, na mimi nimeunda vishada vingi kwa uji huohuo. Lakini nilipokwenda zahanati, mganga wa pale, mama wa makamo asiye na haraka, aliniangalia, akaniambia ni mchaniko mdogo uliosababishwa na choo kigumu. Kisha akaniuliza ninakula nini.

"Ugali wa muhogo."

"Na nini?"

"Dagaa."

"Dagaa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja. Akaniambia nimwonyeshe na ugali. Nikapanua mikono miwili. Akacheka, akasema, "Basi umejijibu mwenyewe."

Ilinichukua muda kuelewa alichomaanisha. Nilipoelewa ndipo nilipoona kwamba shangazi alikuwa anaulaumu muhogo kwa kosa lisilo lake.

Tuanze na gundi. Wanga wa muhogo unanata kwenye karatasi kwa sababu karatasi haina cha kuumeng'enya. Mwilini mambo ni tofauti. Kuanzia mate hadi utumbo mwembamba, wanga unakatwakatwa mpaka unakuwa sukari, na sukari hiyo inaingia kwenye damu. Muhogo ulioiva vizuri unameng'enywa karibu wote huko juu. Hakuna bonge la gundi linalosafiri hadi chini. Na tatizo liko hapohapo: hakuna kinachosafiri hadi chini.

Choo hakitengenezwi na chakula ulichofaidi. Kinatengenezwa na masalia, yaani nyuzinyuzi ambazo tumbo letu haliwezi kuzimeng'enya, pamoja na maji na bakteria wa utumbo mpana, ambao wenyewe ni sehemu kubwa ya uzito wa choo. Masalia yakiwa mengi, utumbo mpana unajaa, kuta zake zinatanuka, na kule kutanuka ndiko kunakoushtua usukume. Masalia yakiwa machache hakuna cha kuushtua. Kale kadogo kalikopo kanakaa humo siku mbili, tatu, nne, na kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kadiri kanavyokaa, ndivyo kanavyokaushwa. Ukiona punje za mbuzi, ujue ni choo kidogo kilichokaa muda mrefu.

Sasa angalia muhogo wetu unavyofika sahani. Unamenywa ganda, na ganda lina nyuzinyuzi. Ukichemshwa, ule uzi wa katikati tunauchomoa na kuutupa. Ukiwa wa makopa, unaanikwa juani hadi ukauke kau, unatwangwa kwenye kinu, kisha unachekechwa. Mama ana chekeche yenye matundu madogo ajabu, na sifa ya unga wake kijijini ni kwamba ni mweupe na laini kama poda ya mtoto. Chenga zinazobaki juu ya chekeche anawatupia kuku. Nilikaa siku moja nikawatazama wale kuku, wana afya, wanakunya bila shida yoyote, nikajisikia vibaya kidogo.

Sisemi tuanze kula chenga na nyuzi za katikati. Ni ngumu na zinakera kinywani. Ninachosema ni kwamba muhogo, kwa asili yake na kwa tunavyousafisha, ni nishati karibu tupu. Gramu 100 za muhogo mbichi uliomenywa zina nyuzinyuzi chini ya gramu 2. Protini haifiki hata gramu 2, na mafuta ni kama hamna.

Siku moja usiku niliandika nilichokula toka asubuhi. Asubuhi vipande vya muhogo wa kuchemsha, kama robo kilo, na chai ya rangi. Mchana ugali wa unga kama gramu 150, mchuzi wa dagaa wenye nyanya moja. Usiku vilevile. Nikapiga hesabu ya nyuzinyuzi: asubuhi gramu 4 na ushee, ugali wa mara mbili labda 8 au 9, nyanya na kitunguu 1. Jumla kama 14. Dagaa sifuri, maana nyama na samaki hawana nyuzinyuzi kabisa. Ni makadirio, unga wa nyumba moja si sawa na wa nyumba nyingine, lakini picha inaonekana. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Nilipungukiwa na karibu nusu, huku nikiwa nimeshiba hadi nashindwa kuinama.

Huko kushiba ndiko kunakodanganya. Kwetu mboga ina kazi moja inayojulikana: kuupitisha ugali kooni. Ndiyo maana tunaiita kitoweo. Tonge kubwa linachovya ukingo wa bakuli, linapita. Watu sita wanaweza kuzunguka mlima wa ugali na kibakuli kimoja cha mboga, na kibakuli kikabaki. Muhogo unazidisha hali hiyo kwa sababu ni mzito na unajaza haraka, kwa hiyo tumbo linakuwa limeshafungwa kabla mboga haijapata nafasi. Muhogo hauleti kitu kibaya mezani. Unakalia viti vya wengine.

Wazee watauliza, mbona wao walikula muhogo miaka yote na choo kilitoka? Swali zuri. Daktari mmoja mpasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, Denis Burkitt, alishangazwa na jambo hilo kwa upande wa pili. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba wanavijiji wa Afrika walikuwa wanatoa choo chenye uzito mara kadhaa kuliko Waingereza, na chakula kilipita tumboni mwao kwa haraka zaidi. Lakini sahani ya kijijini siku hizo ilikuwa na kunde, maharage, njugu, majani ya kila aina. Bibi yangu hakupika ugali bila kupita nyuma ya nyumba na ungo. Mimi Oktoba ile nilikuwa nakula ugali wa bibi bila ungo wa bibi.

Na kwa nini ungo haukuzunguka? Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Ni msimu wa korosho, watu wote wako shambani tangu alfajiri, na dagaa wanaiva kwa dakika kumi. Ni kiangazi, mchicha umekauka. Mbaazi zilikuwa zimevunwa kuanzia Julai, lakini huku kwetu mbaazi tumezizoea kama zao la kuuza, si la kula. Tunalima muhogo na mbaazi shamba moja, muhogo unaingia chungu chetu, mbaazi zinapanda lori kuelekea bandarini. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kununua nje, bei ilianguka vibaya, na hapo ndipo kaya nyingi zilijikuta na magunia ndani. Mama anasema ule mwaka walikula mbaazi mpaka wakachoka. Simkumbuki mtu yeyote aliyelalamika choo mwaka ule, ingawa kusema kweli sikuuliza.

Halafu kuna maji. Anayeijua Newala anajua habari ya maji juu ya ile nyanda. Mgao ukikatika, ndoo inanunuliwa, na mtu anayenunua maji kwa ndoo hanywi ovyo. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu kwa siku, chai ikiwemo, huku natoka jasho shambani. Mwili ukikosa maji kutoka juu, unayadai kule chini, kwenye utumbo mpana. Wanaofuturu muhogo wa nazi mwezi wa Ramadhani wataielewa hali hii bila kuelezwa: mchana mkavu, usiku wanga mtupu, na kufikia kumi la pili tumbo limegoma.

Mganga aliniambia mambo mawili tu. Punguza tonge, na kila siku kula bakuli la kunde na bakuli la majani. Hakuniandikia dawa. Aliniambia nisijikaze, na haja ikija nisiiahirishe ati nimalizie safu ya mikorosho.

Kwa nini vyote viwili, kunde na majani? Nilidhani ni kurudia jambo lilelile, kumbe kila kimoja kina zamu yake. Jamii ya kunde, iwe maharage, choroko au mbaazi, ikipikwa ina nyuzinyuzi kati ya gramu 6 na 8 kwa kila gramu 100. Sehemu ya nyuzinyuzi hizo ni laini, zinashika maji na zinaliwa na bakteria wa utumbo mpana. Bakteria wanazaliana, choo kinaongezeka ujazo na kuwa na unyevu. Majani yana nyuzinyuzi kidogo kwa uzito, mchicha uliopikwa ni kama gramu 2, ila ni zile ngumu zaidi ambazo bakteria hawazimalizi. Zinabaki kama kapi linalosukuma mengine. Na majani yana magnesi, madini ambayo husaidia kubakiza maji ndani ya utumbo.

Chungu kimoja kinachomaliza kazi yote kwa watu wa muhogo ni kisamvu cha kunde. Mmea uleule uliokufunga choo unao majani yake mgongoni, hata kiangazi yapo, machanga kwenye ncha. Hivi ndivyo tulivyopika kwa watu wanne.

Kunde kavu robo kilo zinalowekwa usiku kwenye maji mengi. Asubuhi maji yale yanamwagwa, kunde zinasuuzwa, zinachemshwa kwa maji mapya hadi zibonyeke kwa vidole bila kubaki kiini kigumu. Kumwaga maji ya kwanza ni muhimu kwa sababu sukari zinazoleta gesi, sehemu yake hutoka humo. Ukitumia maharage mekundu, hakikisha yanatokota kwelikweli, si kuyaacha kwenye moto wa uvivu, maana yasipoiva yana sumu ya kutapisha. Magadi yanalainisha haraka lakini yanaua baadhi ya vitamini. Mama anaweka, mimi nikiwa jikoni siweki, na tumekubaliana kutokubaliana.

Kisamvu kichanga, kama nusu kilo, kinatwangwa mpaka kiwe rojo. Hapa usifanye njia ya mkato. Majani ya muhogo yana vitu vinavyozaa sayanidi, na kutwanga ndiko kunakovunja jani ili kimeng'enya chake chenyewe kianze kuvichambua. Baada ya kutwanga kiache kikae kidogo, kisha kichemshe bila mfuniko nusu saa au zaidi, hewa ile mbaya ipotee. Jani zima lililochemshwa bila kutwangwa si kisamvu salama. Kikishaiva changanya na kunde, tui la nazi moja, kitunguu, chumvi, acha vichemke pamoja hadi tui lishike. Mafuta ya tui nayo si ya kudharau, yanasaidia haja itembee.

Kila mtu akapata bakuli lenye kunde kama gramu 150 zilizoiva, ambazo ni gramu 10 hivi za nyuzinyuzi, na kisamvu juu yake gramu 3 au 4. Ugali tukaushusha, kutoka gramu 150 za unga kwa mtu hadi 100. Usiku tonge dogo na majani tena, matembele kutoka bondeni yakipatikana. Piga hesabu: asubuhi 4, ugali wa siku 6, kunde 10, majani ya mara mbili 6. Nikafika 26 bila kununua chochote cha dukani.

Unga wenyewe haukubadilika, na ugali ulikuwa bado ni wa muhogo. Namwambia hivyo kila anayeniuliza kama ameambiwa aache muhogo. Mtu ambaye shamba lake ni muhogo ukimwambia ahamie dona umemwambia nini?

Sasa makosa yangu. Siku tatu za kwanza nilikuwa na pupa, nikala kunde mabakuli mawili mchana na moja usiku. Tumbo likavimba kama ngoma, nikawa sikai karibu na watu. Bakteria wa tumbo lisilozoea kunde wanahitaji siku kadhaa za kuzoea. Nikarudi kwenye nusu bakuli kwa siku tano, kisha bakuli zima. Kosa la pili lilikuwa kuongeza kunde bila kuongeza maji. Nyuzinyuzi zisizo na maji zinaweza kufanya choo kiwe kikubwa na kikavu kwa pamoja, na hiyo ni adhabu mbaya kuliko ya mwanzo. Nikaanza kubeba dumu la lita moja na nusu shambani na kurudi nalo tupu. Pamoja na chai na maji ya jioni nikawa nazidi lita mbili.

Nilijuaje inafanya kazi? Kuna kipimo cha nyumbani ambacho hakigharimu kitu. Unakula hindi moja la kuchemsha, hutafuni sana, unaandika saa, halafu unasubiri ngozi za punje zionekane chooni. Kabla ya kisamvu, hindi la Jumatatu mchana nililiona Alhamisi jioni. Wiki tatu baadaye, la Jumatatu mchana lilitoka Jumanne usiku. Choo chenyewe kilibadilika kabla ya hapo: kufikia siku ya sita punje zilishaanza kushikana zikawa mchi wenye mipasuko, baadaye mchi laini. Mchaniko ulichukua muda zaidi, karibu mwezi, kwa sababu kila choo kigumu kinapopita kinaufungua upya.

Dada yangu, aliyekuwa mjamzito wakati huo, alijaribu njia hiyohiyo na akapata nafuu nusunusu tu. Kumbe vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa kliniki vinakausha choo na kukifanya cheusi. Hakutakiwa kuviacha. Aliambiwa na mkunga aendelee navyo, azidishe maji na majani, na akishindwa arudi apewe kilainisha choo. Mtoto mdogo aliyeachishwa ziwa kwa uji wa muhogo naye ni hadithi hiyohiyo, ila kunde zake ziondolewe maganda na kupondwa, na kiasi kiwe vijiko, si bakuli.

Na kuna choo kigumu ambacho kunde haziwezi. Tumbo limevimba, unatapika na hata upepo hautoki: hiyo ni hospitali leo, si kesho. Damu inayoendelea ingawa choo kimeshalainika, kukonda bila sababu, au mtu wa makamo ambaye tabia ya choo chake imegeuka ghafla, huyo apimwe. Mimi damu ilikatika, vinginevyo ningerudi.

Faida nyingine sikuitafuta. Tarime mwaka 1985 watu walipooza miguu kwa konzo, ugonjwa unaowapata wanaokula muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu ipasavyo na wasio na chakula kingine cha maana. Mwili unahitaji protini ili kuishughulikia sayanidi inayobaki. Kunde haziruhusu mtu kukwepa kuloweka na kuanika muhogo mchungu, hilo liko palepale. Lakini sahani yenye muhogo mtupu ina upungufu kwa pande zaidi ya moja.

Shangazi hajakubali habari ya gundi. Alikuja jioni moja akakuta chungu cha kisamvu cha kunde, akala mabakuli mawili, akasema choo changu kimefunguka kwa sababu ya nazi. Mvua za kwanza zilipodondoka mwishoni mwa Novemba nilikuwa najiandaa kurudi Dar. Nilitaka kuondoka na kunde za kutosha. Mama akafungua debe, akanipimia vibaba viwili, akalifunga tena kwa kamba.

"Na hizo nyingine?"

"Mbegu hizo. Wiki ijayo napanda katikati ya muhogo. Ukitaka majani yake, rudi Januari uchume mwenyewe."